Tangawizi na manjano: kuchagua yaliyokomaa na kuyaweka kwa miezi

Watu wengi wanaponunua tangawizi sokoni hutafuta ile iliyo laini, yenye ngozi nyembamba inayong'aa na macho yenye wekundu kidogo, wakiamini kwamba hiyo ndiyo mbichi na nzuri kuliko zote. Kwa chai ya jioni hiyo hiyo hawajakosea, lakini anayenunua ili aweke akiba ya miezi mitatu au minne atakuwa amechukua tangawizi isiyofaa kabisa. Tangawizi na manjano yana umri wa aina tatu: kuna uchanga, kuna ukomavu, na kuna uzee. Mnunuzi wa akiba anahitaji ile ya katikati, naye hutofautisha kwa kidole gumba na pua kuliko kwa macho.

Hapa Jinja, Uganda, mimi hupika chai na pilau za shughuli, na kila mwaka huweka akiba mwezi wa Januari. Nimechagua mwezi huo kwa sababu tangawizi inayopandwa mvua za Machi na Aprili hukaa ardhini miezi minane hadi kumi, kwa hiyo mwisho wa mwaka na mwanzo wa mwaka mpya ndipo iliyokomaa sawasawa inapoingia sokoni, ikiwemo ile inayoletwa kutoka Butambala. Manjano, ambayo wengine huyaita binzari, huvunwa karibu na wakati huo huo. Ukingoja hadi Mei utakuta mchanganyiko wa changa iliyong'olewa mapema na kuukuu iliyolala ghalani, na kazi ya kuchagua inakuwa ngumu zaidi.

Hatua ya kwanza: kupima umri kwa mkono

Chukua mkono mmoja wa tangawizi, yaani kipande kizima chenye vidole vyake, kisha sugua ngozi kwa kidole gumba ukikandamiza kiasi. Ngozi ikivuliwa kirahisi kama ya kiazi kipya, hiyo ni changa. Ilivunwa miezi mitano au sita baada ya kupandwa, nyuzi zake ni chache na ladha yake ni ya upole. Itumie ndani ya wiki moja au mbili, kwa sababu ngozi hiyo haiwezi kuzuia maji yasitoke wala kuvu isiingie. Ngozi ikikataa kuvulika, ikawa imeshikamana na nyama yake, kavu na yenye rangi ya kahawia hafifu, hiyo imekomaa.

Sasa tenganisha iliyokomaa na iliyozeeka. Vunja kidole kimoja, na muuzaji mwema hatakukataza ukiwa unanunua kilo kadhaa. Kidole kibichi hukatika kwa mlio, na mahali palipovunjika huonekana pa manjano hafifu penye umajimaji unaong'aa, na harufu yake hukufikia kabla hujakisogeza puani, harufu yenye ukali ulio na kitu kama limau ndani yake. Kidole kilichozeeka hujipinda kwanza kama mpira, kisha huchanika, na nyuzi hubaki zimening'inia huku nyama ikiwa imejitenga nazo. Rangi ya ndani imeelekea kijivu, na mara nyingine utaona ufa au uwazi katikati. Uzito nao husema kweli. Ukishika mikono miwili inayolingana ukubwa, iliyopoteza maji huwa nyepesi kiasi cha kukushangaza.

Usihukumu kwa nyuzi peke yake. Tangawizi iliyokomaa lazima iwe na nyuzi, na ukomavu huo huo ndio unaoifanya iwe kali na ifae kwa chai. Uzee wa kukaa ghalani hujulikana kwa upungufu wa maji na wa harufu, wala si kwa wingi wa nyuzi. Vilevile usiitupe tangawizi kwa kuwa ukiikata unaona duara la rangi ya samawati hafifu ndani yake. Ziko aina zenye rangi hiyo kwa asili, na ikiwa nyama ni ngumu na harufu ni nzuri, hakuna tatizo. Duara la kahawia lililolegea, lenye maji na harufu ya kuoza, hilo ndilo la kukimbia.

Kwa manjano kipimo ni kile kile cha kuvunja: kidole kibichi hukatika kama karoti, na cha zamani hupinda. Kwarua ngozi kidogo kwa ukucha. Rangi ya chungwa iliyokolea ikitokea papo hapo na kukupaka ukucha, yako sawa. Ikitokea rangi iliyofifia inayoelekea kahawia, huku ngozi ikiwa na mikunjo inayofuata urefu wa kidole, yamekauka nusu. Jua pia kwamba manjano yana sehemu mbili, yaani mama, ambaye ni kipande kinene cha mviringo katikati, na vidole vyembamba vinavyotoka kwake. Vidole vyembamba hupoteza maji upesi sana, kwa hiyo kwa kuweka mabichi mimi huchagua mama na vidole vinene tu.

Udongo ni rafiki

Wauzaji wengi huosha tangawizi ili ing'ae, na wengine huirushia maji kila baada ya saa chache ili iliyonyauka ionekane imejaa. Utaitambua iliyofanyiwa hivyo kwa mambo mawili. Kwenye mikunjo kati ya kidole na kidole utakuta tope badala ya udongo mkavu, na ncha za vidole zitakuwa zimelegea ingawa katikati ni pagumu. Maji ya juu hayarudishi uhai ndani. Yanachofanya ni kulainisha ngozi na kuipa kuvu nafasi.

Mwaka jana mzee mmoja aliyekuwa akishusha magunia aliniambia, "Mama, hizi zenye udongo ni za wenye haraka ya kuuza jumla, wewe chukua hizi safi." Nikamjibu, "Mzee wangu, nipe hizo hizo za udongo, kuosha nitaosha mwenyewe siku ya kupika." Alicheka, akanipimia. Udongo mkavu uliobaki juu ya ngozi haumdhuru mtu, na ni ushahidi kwamba hakuna aliyeichubua kwa brashi.

Ukishindwa kupata isiyooshwa, nunua, lakini itandaze kivulini siku mbili au tatu hadi kila mkunjo ukauke kabisa kabla ya kuendelea na hatua nyingine.

Hatua ya pili: kuchambua na kuponya majeraha

Kilichonifanya nipoteze akiba yote mwaka wa kwanza ni haraka. Nilinunua kilo tano, nikaziosha vizuri, nikazifunga ndani ya kavera, yaani mfuko wa plastiki, na kuziweka chini ya meza ya jikoni. Baada ya wiki mbili nilikuta kavera limejaa matone kwa ndani, na kuvu ya kijani-samawati imefunika kila mahali palipokuwa pamevunjika. Tangawizi ingali hai baada ya kuvunwa. Inapumua, inatoa maji na joto, na ukiifungia pasipo hewa unyevu wake wenyewe ndio unaoiua. Kuvu nayo haianzi kwenye ngozi nzima bali kwenye jeraha, na mkono wa tangawizi uliosafiri ndani ya gunia una majeraha mengi.

Kwa hiyo ukifika nyumbani mwaga mzigo wote juu ya gunia safi na uchambue vipande kimoja kimoja. Changa, pamoja na vidole vilivyovunjika vidogo, viweke kando kwa matumizi ya wiki hizo. Kipande chochote chenye sehemu laini au harufu mbaya kitupe kizima, kwa kuwa ukikata sehemu iliyooza na kuhifadhi iliyobaki umetengeneza jeraha kubwa zaidi. Wanaokusudia kupanda sehemu ya akiba yao wafanye kipimo kimoja zaidi. Wakate kipande wanachokitilia shaka na kuning'iniza upande uliokatwa ndani ya glasi ya maji safi kwa dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye mkato, hiyo ina ugonjwa wa mnyauko wa bakteria, na mzigo wake haufai kwa mbegu.

Iliyobaki itandaze safu moja mahali penye kivuli na hewa, isiguswe na jua, kwa siku nne au tano. Katika joto la kawaida la hapa kwetu, siku hizo zinatosha kwa sehemu zilizovunjika kujifunika utando mkavu mgumu, mithili ya kigaga cha kidonda. Gusa mahali palipovunjika: pakiwa bado panashika kidole kwa umajimaji, subiri, pakiwa pakavu na pagumu kama kizibo, kazi imekwisha. Utapoteza uzito kidogo katika siku hizi, na upotevu huo ni bei ya kuepuka upotevu mkubwa wa baadaye. Manjano yaponye kwa namna hiyo hiyo, lakini siku tatu zinatosha, kwani ukiyaacha zaidi vidole vitaanza kunyauka.

Hatua ya tatu: sanduku la mchanga

Tangawizi iliyokomaa hukaa vizuri zaidi penye joto la nyuzi 12 hadi 14 na hewa yenye unyevu mwingi. Sisi wa Jinja na Kampala tuna joto la kiasi cha nyuzi 22 na zaidi, na friji ya nyumbani nayo ina baridi ya nyuzi 4 hivi, ambayo ni kali mno. Chini ya nyuzi 12 tangawizi huumia polepole, ikapata madoa yaliyobonyea na kulegea. Ndiyo maana tangawizi ya friji, hata ikiwa imefungwa kwa karatasi, mimi huihesabia wiki tatu au nne tu. Mtu wa Kabale, ambako hali ya hewa ni ya baridi, ana nafasi nzuri kuliko sisi sote, na chumba chake cha kawaida kinakaribia kuwa ghala bora.

Mchanga hausaidii sana kupunguza joto, ila huzuia hewa kavu isipite juu ya ngozi, huvitenganisha vipande ili kilichooza kisiambukize jirani yake, na huziba mwanga. Tumia mchanga wa mto uliochekechwa, uoshwe ikiwa una udongo, kisha uanikwe juani siku mbili. Kabla ya kuutumia nyunyizia maji kidogo sana na uchanganye. Kipimo chake ni kiganja: ukiukamata na kufumba, usikulowanishe mkono, na ukifumbua ubomoke. Mchanga unaoshikamana kama tofali una maji mengi, na katika joto letu utaiozesha tangawizi au utaifanya ichipue ndani ya wiki chache.

Chukua kreti ya mbao au ndoo iliyotobolewa pembeni na chini. Mwaga mchanga wa unene wa vidole viwili, panga tangawizi safu moja bila kugusana, funika kwa mchanga, panga safu nyingine, na uendelee hivyo, lakini acha nafasi ya kiganja kimoja juu ili hewa ipite. Safu nne zinatosha. Zikizidi, za chini huwezi kuzikagua bila kuvuruga kila kitu. Funika kwa ubao wenye matundu au gunia, si kwa plastiki, na uweke chombo juu ya matofali kwenye chumba kilicho baridi kuliko vyote, mbali na jiko na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Manjano yawe na chombo chake, kwa kuwa yanahitaji kukaguliwa mapema zaidi. Asiye na mchanga mzuri anaweza kutumia unga wa mbao ulio mkavu na usio na dawa, ingawa mimi huona unashika unyevu kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda.

Kila baada ya siku 20 fukua yote. Wapo wanaoona hatua hii kama usumbufu, nami naiona ndiyo kazi yenyewe. Kipande kilichooza kiondoe pamoja na mchanga uliokizunguka. Chenye kuvu kidogo kwenye ncha kitoe pia, usikirudishe. Mchanga ukiwa umekauka hadi unateleza kama sukari, unyunyizie kidogo. Machipukizi ya kijani yakianza, yavunje na uendelee kutumia tangawizi hiyo mapema. Kuchipua hakuifanyi iwe na sumu kama inavyotokea kwa viazi mviringo, ila kila chipukizi linakula maji na nguvu ya tunguu, yaani kipande chenyewe cha tangawizi, na baada ya wiki chache hubaki ganda la nyuzi.

Hesabu ya mwaka mmoja

Mwaka jana nilinunua kilo 8 za tangawizi katikati ya Januari. Katika kuchambua, kilo 0.9 zilikuwa changa au zimevunjika ovyo, nazo nilizitumia jikoni, na kilo 0.3 nilizitupa. Kilo 6.8 zilitandazwa siku tano, zikabaki 6.5, na tarehe 20 Januari zikaingia kwenye mchanga. Ukaguzi wa tarehe 9 Februari ulitoa gramu 200 zenye kuvu kwenye mivunjiko, vipande ambavyo kwa kweli nilivifukia kabla havijapona sawasawa. Ukaguzi wa tarehe 1 Machi ulitoa mkono mmoja wa gramu 300 uliooza kwa maji. Jirani zake walikuwa salama kwa sababu hawakugusana nao. Kufikia tarehe 21 Machi nilikuwa nimetumia kilo 3, na hesabu ilitaka nibaki na kilo 3 kamili, lakini mizani ilionyesha 2.8. Gramu 200 peke yake ndizo zilizopotea kwa maji kukauka katika siku 60, na tangawizi ilikatika kwa mlio kama siku ya kwanza. Hata hivyo karibu nusu ya mikono ilikuwa imechipua, kwani mvua zilikuwa zimeanza na tunguu hujua majira yake.

Hapo ndipo ukomo wa mchanga katika joto letu: miezi miwili bila wasiwasi, mitatu au minne kwa kuvunja machipukizi na kukubali upungufu. Anayetaka kuvuka hapo abadilishe njia kabla tangawizi haijachoka.

Kugandisha na kukausha

Kilo 0.8 niliziosha, nikazifuta zikakauka kabisa, nikazitia kwenye friza zikiwa na ngozi yake, ndani ya mfuko uliotolewa hewa. Ikiganda hukwaruzwa moja kwa moja kwenye sufuria bila kuyeyushwa, kwa sababu ikiyeyuka hulegea na kutoa maji. Hukaa miezi sita ikiwa na harufu nzuri. Umeme ukikatika muda mrefu hadi ikalainika, ipike yote siku hiyo, usiirudishe igande tena. Nimeona pia watu wakitumbukiza tangawizi mbichi iliyosagwa ndani ya mafuta na kuiacha kabatini. Wasifanye hivyo, kwa maana mafuta huziba hewa na kuipa nafasi bakteria inayotoa sumu kali isiyo na harufu wala dalili ya kuoza.

Kilo 2 zilizobaki nilizikata vipande vyembamba vya milimita 3 hadi 5, ngozi ikiwa imekwaruzwa, nikaanika juu ya chandarua kilichoinuliwa kutoka chini. Tangawizi mbichi ni maji kwa sehemu nne kati ya tano, kwa hiyo kilo 2 hutarajiwa kutoa gramu 400 hivi. Mimi nilipata 340, kwa kuwa mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, sehemu ikaota kuvu na nikaitupa. Usikwangue kuvu kwenye kitu kilichokauka ukadhani umekisafisha. Sumu yake haiondoki kwa kukwangua. Tangu hapo hukausha mwanzoni mwa Februari, jua likiwa bado jingi, na siku nne au tano hutosha. Kipande kiko tayari kinapovunjika kwa mlio badala ya kupinda. Kiweke kwenye chupa iliyofungwa vizuri, gizani, na ukisage kwa kiasi cha matumizi ya wiki, kwani unga hupoteza harufu upesi kuliko kipande. Utaona kwamba iliyokaushwa inawasha zaidi kuliko mbichi. Ukavu hubadilisha sehemu ya ukali wake kuwa aina nyingine iliyo kali zaidi, kwa hiyo punguza kipimo cha chai.

Manjano hayakaushwi hivi hivi yakiwa mazima. Yaoshe, tenganisha mama na vidole kwa kuwa haviivi pamoja, kisha yachemshe kwa maji yanayoyafunika tu, dakika 45 hadi 60, mpaka kijiti kipenye bila nguvu na povu lenye harufu yake lipande juu. Kuchemsha husambaza rangi ndani kote na huyafanya yakauke kwa usawa. Yaanike siku 10 hadi 15, ukiyaingiza ndani kila jioni kabla ya umande. Yakiwa tayari, ukiyagonganisha hulia kama chuma, na ndani ya kidole kilichovunjika hakuna sehemu iliyo laini. Mwenye manjano kidogo anaweza kuyakata vipande vyembamba na kuyaanika bila kuchemsha, siku chache tu, ingawa rangi haitakuwa sawa kwa kila kipande. Kwa vyovyote vile chupa ya manjano isikae dirishani, maana mwanga huifuta rangi hiyo ya chungwa, na mwisho wake utakuwa na unga wa kahawia usiopaka hata kijiko.